Sebule ya vigae, feni na friji: kuokoa mahojiano yaliyorekodiwa mbali na mdomo

*"Nimemhoji babu mmoja aliyekuwa fundi wa majahazi hapa Tanga. Tulikaa sebuleni: vigae chini, kuta tupu, feni inazunguka, friji iko nyuma ya ukuta. Simu ndiyo iliyopiga video, nikaiegemeza mezani kama mita moja na nusu kutoka kwake. Kelele haikatiki na kila neno lina mwangwi. Nimepitisha Noise Reduction ya Audacity mara tatu. Sasa babu anasikika kama yumo ndani ya maji, na mwangwi uko palepale. Amesharudi kijijini, siwezi kurekodi upya. Nini kinaokoleka?"*

Achana na faili ulilolipitisha mara tatu. Kilichoondolewa humo hakirudi, na lolote utakalolifanya juu yake litazidi kuiumiza sauti. Chukua faili la mwanzo lililo kwenye simu na ulihamishe kwa waya. Usijitumie kwa WhatsApp kama video ya kawaida, maana njiani litabanwa. Ikilazimu, litume kama hati. Kubanwa huko hufuta vipande vidogo vya sauti ambavyo programu inakisia sikio halitavitambua, na kelele iliyokuwa tulivu hugeuka kuwa ya kukatikakatika. Kelele ya aina hiyo ni ngumu kuiondoa.

Mlio wa friji unaweza kutoka karibu wote. Upepo wa feni utapungua sana. Mwangwi utapungua kiasi cha mtu kumfuata babu bila kukaza masikio, lakini chumba hakitatoweka; atakayesikiliza ataendelea kujua kwamba mzee amekaa kwenye sebule yenye vigae. Ukikubali mpaka huo tangu mwanzo, hutaishia kuikamua sauti mpaka ikauke.

Mwangwi ulibaki palepale kwa sababu hiyo zana haikutengenezwa kwa ajili yake. Noise Reduction hufanya kazi hivi: unaionyesha kipande chenye kelele tupu, inapima ukubwa wa kelele hiyo katika kila ngazi ya masafa, kisha inapita kwenye rekodi nzima na kushusha chochote kisichozidi kipimo hicho. Inahitaji kelele inayofanana tangu mwanzo hadi mwisho. Feni iko hivyo. Mwangwi hauko hivyo hata kidogo, kwa kuwa ni sauti ileile ya babu iliyopiga vigae na ukuta ikairudia simu kwa kuchelewa. Una masafa yake, matamko yake, na unabadilika kila silabi. Hakuna kipande chochote cha rekodi ambamo mwangwi uko peke yake na unafanana na mwangwi wa dakika inayofuata.

Tuipime sebule yako ili ujue unapambana na nini. Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 5, dari mita 3, ndani yake makochi ya kawaida na pazia jepesi. Chumba kama hicho kinaweza kuchukua sekunde 1 hivi kabla mwangwi haujashuka kwa desibeli 60. Maana yake, babu akinyamaza, mwangwi unashuka desibeli 6 kila milisekunde 100. Katika usemi wa kawaida silabi moja na inayofuata hutenganishwa na kama milisekunde 200, kwa hiyo silabi ya pili inaanza wakati mwangwi wa ile ya kwanza umeshuka desibeli 12 tu. Ya tatu nayo inaanza juu ya mabaki ya mbili zilizotangulia. Huo ndio ukungu unaousikia.

Kisha kuna umbali. Katika chumba cha vipimo hivyo, nguvu ya sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja na nguvu ya sauti inayorudi kutoka kwenye kuta hulingana kama sentimita 45 kutoka kwa msemaji. Ukisogea mbali zaidi ya hapo, chumba kinazidi mtu. Kwenye mita moja na nusu, chumba kimemzidi babu kwa takriban desibeli 10. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichoingia kwenye simu ni chumba, na sauti halisi ya babu imo humo kama sehemu ndogo. Programu haiwezi kuitoa sehemu kubwa na kukuachia ndogo ikiwa safi. Audacity inachoweza ni kuupunguza mwangwi pale babu anaponyamaza, na kuyashusha masafa ambayo chumba kinayavimbisha.

Na kwa nini sauti imeingia majini? Kupitisha mara tatu ni sababu mojawapo, lakini nashuku zaidi sampuli yako ya kelele. Wengi huchagua kituo kifupi kati ya sentensi mbili, kama nusu sekunde, wakidhani hapo pana feni tupu. Kwenye chumba chenye mwangwi hapo si patupu. Tuseme babu anazungumza kwenye desibeli -20 na kelele ya feni iko -50. Mkia wa neno la mwisho unahitaji nusu sekunde nzima kushuka desibeli 30 hadi kuifikia kelele, na muda mwingine zaidi kuzama chini yake. Ukichukua sampuli humo ndani, umeifundisha programu kwamba sauti ya babu ni kelele. Inakwenda kwa utii kuikata sauti ya babu kila inapoikuta ikiwa ndogo, na yale mabaki yanayopona na kukatwa, kupona na kukatwa, ndiyo hayo mabubujiko.

Sasa tuanze upya. Toa sauti kwenye video bila kuibana tena:

```
ffmpeg -i babu.mp4 -vn -c:a pcm_s24le babu.wav
```

Ifungue kwenye Audacity. Kama imekuja na pande mbili, fungua menyu ya traki uchague `Split Stereo to Mono`, kisha sikiliza kila upande peke yake ukiwa umevaa hedfoni. Simu nyingi zina maikrofoni mbili, moja juu na moja chini, na mara nyingi moja ilikuwa imemwelekea msemaji vizuri kuliko nyingine. Bakiza iliyo bora, futa nyingine. Usizichanganye. Sauti ikifika kwenye maikrofoni moja kabla ya nyingine, hata kwa nusu milisekunde, mchanganyiko wake hukata masafa fulani na kuongeza mengine. Kwa simu yenye maikrofoni zilizoachana sentimita 15, shimo la kwanza linaweza kuangukia karibu na hezi 1100, katikati kabisa ya usemi. Watu wengi huanza na tatizo hili bila kujua, kisha wanalaumu chumba.

Bonyeza `Ctrl+D` kupata nakala ya traki, ifunge nakala hiyo isisikike, na uiache bila kuigusa mpaka mwisho. Ndiyo utakayolinganisha nayo.

Hatua ya kwanza ni kuondoa kilicho chini ya sauti ya binadamu. Nenda `Effect > EQ and Filters > High-Pass Filter`, weka 80 kwenye `Frequency` na 24 kwenye `Roll-off`. Mtikisiko wa meza, muungurumo wa feni na lori lililopita barabarani vyote vina sehemu kubwa huko chini, na sauti ya mwanamume kwa kawaida huanzia hezi 85 hivi kwenda juu. Mtu mwenye sauti nzito sana asiguswe zaidi ya hezi 70. Kwa mwanamke unaweza kupanda hadi 120 bila kudhuru kitu.

Halafu friji. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mota ya friji huunguruma hasa kwenye hezi 100, yaani mara mbili yake, pamoja na vijukuu vyake kwenye 150, 200 na kuendelea. Chagua sekunde chache ambazo friji inasikika na babu amenyamaza, fungua `Analyze > Plot Spectrum`, weka `Size` kuwa 16384, na utaona miiba iliyosimama peke yake. Soma masafa yao hapo hapo, usikisie. Kwa kila mwiba tumia `Notch Filter`, ukiandika masafa yake na `Q` ya 20. Kwenye hezi 100, `Q` ya 20 hukata ukanda wa hezi 5 tu, mwembamba kiasi kwamba sauti ya babu inapita juu yake bila kujeruhiwa. Ile `Q` ya 1 inayokuja yenyewe ingekata ukanda mpana wa hezi 100 na kumtoa mzee kifua chote. Miiba miwili au mitatu inatosha. Ile midogo ya juu itachukuliwa na hatua inayofuata.

Friji ina tabia moja ya kuangaliwa: inawaka na kuzima. Sikiliza rekodi yote kwa haraka na uweke alama kwa `Ctrl+B` kila inapobadilika. Tuseme imewaka dakika ya 12 na kuzima dakika ya 25. Hapo una rekodi mbili kwa upande wa kelele: sehemu yenye feni pekee, na sehemu yenye feni na friji. Kila moja itahitaji sampuli yake. Ukitumia sampuli ya feni pekee kwenye rekodi nzima, friji itabaki. Ukitumia ya vyote viwili, sehemu isiyo na friji itachunwa bure.

Kuchagua sampuli ndiko kunakoamua mengi kuliko namba yoyote utakayoandika baadaye. Tafuta mahali ambapo hakuna aliyesema kitu kwa zaidi ya sekunde 2. Mara nyingi huwa pale mwanzo kabla hujauliza swali la kwanza, au babu alipokunywa maji, au mwisho ulipokuwa unainyanyua simu. Hesabu sekunde 1 nzima kutoka kwenye neno la mwisho, na chagua sekunde 1 au 2 zinazofuata. Ongeza sauti kwenye hedfoni uzisikilize: pasiwe na pumzi, kochi kulia, wala kikombe kugusa meza. Sampuli ichukuliwe baada ya vile vichujio viwili kupita, kwa sababu lazima ifanane na traki itakayosafishwa.

Kama ukiangalia unakuta kelele inapanda taratibu kila babu anaponyamaza, na inashuka anapoanza kusema, simu ilikuwa inajirekebishia sauti yenyewe. Katika hali hiyo chukua sampuli mahali kelele iko katikati, si pale ilipopanda kabisa, na utegemee matokeo madogo zaidi. Hakuna namba itakayoifuata kelele inayopanda na kushuka namna hiyo.

Chagua sampuli, fungua `Effect > Noise Removal and Repair > Noise Reduction`, bonyeza `Get Noise Profile`. Kisha chagua sehemu yote inayohusika, ifungue tena, na uandike: `Noise reduction (dB)` 8, `Sensitivity` 4, `Frequency smoothing (bands)` 6. Kabla ya kubonyeza `OK`, chagua `Residue` na ubonyeze `Preview`. Sasa unasikiliza kile kitakachotupwa. Ukisikia upepo wa feni peke yake, uko salama. Ukisikia maneno, hata kama ni minong'ono, unamtupa babu pamoja na feni: shusha `Sensitivity` hadi 3, na kama bado, tafuta sampuli nyingine. Herufi za kusikiliza kwa makini ni s, sh, f na th. Kwa umbo lao zinafanana mno na upepo, na ndizo huliwa kwanza. Mzee anayesema "shoka" akianza kusikika "hoka", umezidisha. Ukiridhika rudi kwenye `Reduce` ndipo ukubali.

Desibeli 8 zitaonekana chache kwako uliyekuwa unataka kimya. Ziache hivyo. Kelele iliyokuwa -50 sasa iko -58, na kwa spika ya simu au televisheni haitamsumbua mtu. Kuna sababu nyingine inayohusu mwangwi moja kwa moja: feni ilikuwa inaifunika mikia ya maneno. Kila unavyoipunguza, mikia inajitokeza zaidi, na ndiyo maana wengi husema mwangwi "umeongezeka" baada ya kusafisha. Haukuongezeka, umevuliwa shuka. Kuacha kelele kidogo, laini na isiyokatika, kunausaidia mwangwi kuzama mapema.

Sasa mwangwi wenyewe. Anza na masafa yanayovimba. Chumba kidogo chenye kuta ngumu hukusanya nguvu kati ya hezi 150 na 500, na hapo ndipo ile sauti ya mtu aliye ndani ya pipa inapotoka. Fungua `Filter Curve EQ`, nyanyua kilima chembamba cha desibeli 8 kwenye hezi 200, bonyeza `Preview`, kisha kisogeze kidogo kidogo kwenda juu. Kuna mahali chumba kitapiga kelele ghafla, na mwangwi utasikika mrefu na mnene kuliko kwingine. Pageuze kilima hicho kuwa bonde la desibeli 4. Kwa kawaida mabonde mawili yanatosha. Usichimbe zaidi ya desibeli 6, maana mwili wa sauti ya babu umo humohumo na utabaki na sauti nyembamba ya redio ya mkulima.

Upande wa juu fanya kinyume: nyanyua desibeli 2 au 3 kuanzia hezi 3000 hadi 6000. Makochi, pazia na hewa hunyonya masafa ya juu upesi kuliko ya chini, kwa hiyo kinachorudi kutoka ukutani ni kizito na kisicho na makali, na makali mengi yaliyomo kwenye rekodi yametoka moja kwa moja mdomoni. Ukiyanyanyua, unamsogeza babu karibu kidogo. Hii ifanyike baada ya Noise Reduction, la sivyo unanyanyua na upepo wa feni.

Kisha tunaishusha mikia pale babu anapopumzika. Audacity ina `Noise Gate`, lakini ikitumiwa kama mlango unaofungwa kabisa itakuharibia kazi: neno linakuja na mwangwi wake, linakatwa, kimya cha kaburi, neno jingine na mwangwi wake. Sikio huugundua mwangwi zaidi unapotokea na kutoweka kuliko unapokaa. Itumie kushusha kidogo tu. Kwa rekodi yenye sauti ya -20 na kelele ya -58 ningeanza na namba hizi: `Gate threshold` -38, `Level reduction` -8, `Attack` 10, `Hold` 80, `Decay` 250. Maana yake ni kwamba sauti ikishuka chini ya -38, programu inasubiri milisekunde 80, kisha inaishusha taratibu kwa desibeli 8 ndani ya robo sekunde. Kwa kuwa mkia wenyewe ulikuwa tayari unashuka, kuusukuma kidogo namna hii kunaufanya uonekane mfupi, kama wa chumba kidogo chenye mazulia.

Kizingiti hicho cha -38 ndicho cha kuchezea, na Kiswahili kina mitego yake hapa. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho hutamkwa kwa nguvu ndogo. Kizingiti kikiwa juu mno, irabu za mwisho ndizo za kwanza kufa: "nilikwenda" inabaki "nilikwend", "bandarini" inabaki "bandarin". Mwanzoni nako, maneno yanayofunguliwa kwa m au n, kama mtepe, mbao, ndani, huanza kwa mvumo mdogo wa puani kabla ya mlipuko. Ukimsikia babu anasema "bao" mahali pa "mbao", shusha kizingiti hadi -42 na ongeza `Hold` hadi 120. Wazee wengi huishia sentensi kwa kupunguza sauti, kwa hiyo usijaribu namba zako kwenye sentensi aliyoisema kwa nguvu. Tafuta ile aliyoisema akiwa anakumbuka, sauti ikiwa chini, na uipitishe hiyo kwanza. Ikipona, nyingine zitapona.

Kama una uwezo wa kupata zana ya kulipia, De-reverb ya iZotope RX na DeReverb ya Adobe Audition hufanya kitu ambacho `Noise Gate` haiwezi: zinakadiria mwangwi unavyoshuka katika kila ukanda wa masafa, na kuupunguza hata pale babu anapokuwa anaongea. Kwa rekodi ya mita moja na nusu usizipeleke mwisho. Anzia chini, kama robo ya uwezo wake, na upande mpaka utakaposikia irabu zinaanza kutetemeka au maneno kupoteza mwili, kisha urudi nyuma kidogo. Na ukizitumia, ruka hatua ya `Noise Gate` au ipunguze hadi desibeli 4, kwa sababu kazi ya mikia itakuwa imeshafanyika.

Ile pikipiki iliyopita, mlango uliogongwa, jogoo: havina sampuli, kwa hiyo havipitii Noise Reduction. Vikiangukia kwenye kituo, nakili sekunde za feni tupu kutoka kwingine, tena kwenye traki iliyokwisha kusafishwa, na uzibandike juu yake kwa urefu uleule. Usitumie kuzima sauti kabisa. Shimo la kimya katikati ya upepo wa feni husikika kuliko hata hiyo pikipiki. Urefu uwe uleule kwa sababu una video: ukikata nusu sekunde ya sauti, midomo ya babu itakwenda njia yake kuanzia hapo hadi mwisho. Vikiangukia juu ya neno, viache. Msikilizaji husamehe honi kuliko neno lililotobolewa.

Kukuza sauti kuje mwisho kabisa, na ndipo wengi huvunja walichokijenga. Kompresa inayopunguza vilele kisha kunyanyua vyote kwa desibeli 6 inanyanyua na kelele na mikia kwa desibeli 6 hizo hizo; ile -58 inakuwa -52, na mwangwi unarudi mlangoni. Tumia uwiano mdogo wa 2 kwa 1, kizingiti kikigusa maneno ya nguvu tu, kwa namna ambayo vilele vinashuka desibeli 3 hivi. Baadaye `Loudness Normalization` kwenye -16 LUFS, alama ya `Treat mono as dual-mono` ikiwa imewekwa. Ukiona kelele imejitokeza tena, punguza kompresa. Usirudi kupitisha Noise Reduction mara nyingine juu ya hapo.

Sasa fungua ile nakala uliyoificha, ilinganishe na traki mpya kwa ukubwa uleule wa sauti. Hili la ukubwa ni muhimu, maana iliyo kubwa zaidi hupendwa hata kama ndiyo mbovu. Sikiliza dakika mbili za mwanzo, mbili za katikati friji ikiwa imewaka, na mbili za mwisho; kwanza kwa hedfoni, kisha kwa spika ya simu ukiwa na sauti ndogo. Hedfoni zitakuonyesha mabubujiko. Spika ya simu itakuonyesha kama maneno yanaeleweka, na huko ndiko watu wengi watakakomsikilizia babu. Ukikuta toleo la zamani linaeleweka kirahisi kuliko jipya, mahali fulani umezidisha, na pa kwanza kushuku ni `Sensitivity`, pa pili ni kizingiti cha `Noise Gate`.

Hifadhi traki safi kama `safi.wav` na uirudishe kwenye video bila kuigusa picha:

```
ffmpeg -i babu.mp4 -i safi.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac -b:a 192k tayari.mp4
```

Zitabaki sentensi ambazo babu aligeuka akaelekea dirishani, au alisema akiwa ameinamisha kichwa. Humo chumba kimemzidi sana na hakuna cha kuokoa kwa kusafisha. Usizilazimishe, kwa sababu namba utakazoziweka kwa ajili yake zitaumiza dakika nyingine zote. Zisafishe kama nyingine, kisha ziandikie maneno chini ya picha. Yale majina ya sehemu za jahazi ambayo wewe mwenyewe huna hakika umeyasikia sawasawa, mpigie babu simu akutajie upya kabla hujayaandika.